Wakuu, ni kweli omeprazoli inamaliza nguvu za kiume? Mwenzenu yamenikuta

#1 Mzee wa Mwaloni
Mwangaluka wana jukwaa. Naandika huku kwa sababu nyumbani siwezi kuongea na kliniki naona aibu, pale unaongea na daktari huku foleni yote inasikia. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, zamani nilikuwa mvuvi kule Kayenze karibu miaka 15, umri wangu 43, mke mmoja watoto wanne.

Tangu mwezi wa pili chuchu yangu ya kushoto inauma. Mtoto akinirukia kifuani naona nyota. Nikipapasa chini ya chuchu kuna kitu kama kifungo cha koti, kigumu kidogo ila kinateleza. Na hamu ya mke imeondoka kabisa, zamani alfajiri mwili ulikuwa unaamka wenyewe hata kabla ya adhana, sasa hivi kimya. Nimeona video jamaa anasema dawa za kupunguza asidi tumboni ndo zinaua homoni ya kiume, na mi omeprazoli nimekula miaka mitatu, nikila maharage tu lazima nimeze. Jana nimeiacha. Je nimefanya sawa na itarudi baada ya muda gani?

#2 Kijana wa Igoma
Pole mkuu. Umefanya sawa kabisa, hiyo dawa ndo mchawi. Mi nilikunywa miezi miwili jogoo akagoma kupanda mtungi, nilipoacha akapanda. Watu hawaambiwi haya.

#3 Babu wa Nansio
Vijana mnagundua leo, sisi tuliyaona zamani. Miaka ya themanini mwishoni nilikuwa na vidonda vya tumbo nikaandikiwa simetidini, nikala kama mwaka na nusu, tena nilikuwa naongeza mwenyewe maana ilinisaidia. Nikaota matiti yote mawili. Nilikuwa nacheza mpira wa wazee pale Nansio, nikawa navua jezi kichochoroni ili wenzangu wasione. Daktari mmoja alivyoniona tu akasema ni dawa, akanihamishia ranitidini, na haikupita miezi minne kifua kikawa cha mwanaume tena, na mengine ya chumbani yakarudi. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi, dawa zote za asidi ni moja hizo.

#4 Dada Dirishani
Shikamoo babu. Kisa chako ni cha kweli na kinajulikana vizuri, ila hitimisho lako naomba nilirekebishe. Simetidini ina tabia yake yenyewe, inakalia mahali ambapo homoni ya kiume inatakiwa ikae, na ukiizidisha dozi kama ulivyofanya ndo matiti yanakuja. Ranitidini ni ya ukoo huohuo lakini tabia hiyo haina kwa kiwango hicho, ndo maana ulivyohamishwa ukapona. Sasa kama dawa nyingine ya asidi ndo imekuponya, zote zitakuwaje moja? (Ranitidini yenyewe nchi nyingi ziliiondoa sokoni 2020 kwa sababu nyingine kabisa, ya uchafu unaohofiwa kuleta kansa.)

Omeprazoli si hata ukoo wao. Kuna utafiti wa Uingereza ulitoka 1994, waliangalia kumbukumbu za wanaume zaidi ya elfu 80, wanaotumia simetidini walikuwa na hatari ya kuota matiti kama mara saba, wa omeprazoli hawakuonekana tofauti na wasiotumia. Visa vya mtu mmoja mmoja vipo lakini ni vya nadra.

Mleta mada, mi nakaa dirisha la dawa Buhongwa mwaka wa 11 huu. Swali langu ni moja. Ukiacha omeprazoli unameza nini kingine? Taja vyote, hata cha duka la mtaani, hata cha kupaka.

#5 Kijana wa Igoma
Dada wa dukani lazima atetee bidhaa 😀

#6 Dada Dirishani
Omeprazoli ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kabisa pale dukani, nikiitetea sipati hata nauli ya daladala. Wewe miezi miwili ile ulikuwa na vidonda vya tumbo, hulali, huli, unaumwa. Unajuaje kilichomgomesha jogoo ni kidonge na si ugonjwa uliokufanya ukakinunua?

#7 Mzee wa Mwaloni
Dada nimemwaga mfuko wote mezani nakuandikia kama ilivyo. Mwaka jana mwezi wa 11 nilitapika damu, nilijaza beseni la kuogeshea mtoto, mke wangu akadhani nimekufa. Nilipelekwa hospitali wakaniingiza mpira wenye kamera kooni wakasema mishipa ya koo imevimba, wakaifunga. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Altrasaundi ikaonyesha ini lina makovu ya kichocho, ile ya ziwani, wakanipa dawa za kichocho za kumeza siku moja kwa kupimwa uzito.

Tangu hapo kila siku nameza spironolaktoni miligramu 100 asubuhi, lasiksi 40, na propranolo asubuhi na jioni. Omeprazoli naongeza mwenyewe. Halafu mwezi wa tatu miguu iliniwasha sana katikati ya vidole, unajua sisi na maji, nikanunua vidonge vya fangasi, ketokonazoli 200, nikameza 14, kimoja kila siku. Wiki zile mbili ndo zilikuwa mbaya kuliko zote chumbani. Sikusema mwanzo kwa sababu sikuona uhusiano, hizo ni dawa za maji na za miguu.

#8 Babu wa Nansio
Mungu wangu, huyu ana duka zima tumboni.

#9 Dada Dirishani
Asante kwa kusema ukweli, sasa tunaongea lugha moja. Mzee, chukua kalenda tuipange.

Omeprazoli umeila miaka mitatu. Miaka miwili na zaidi kifua kizima, chumba kizima. Spironolaktoni imeanza mwezi wa 11, chuchu imeanza kuuma mwezi wa pili. Ni miezi mitatu. Hapo mtu yeyote wa dawa lazima amwangalie huyo wa mwezi wa 11 kwanza.

Spironolaktoni inafukuza maji kwa kuizuia homoni moja ya mwili inayong'ang'ania chumvi. Tatizo lake umbo lake linafanana na homoni za jinsia. Wewe ni mtu wa Mwaloni, fikiria gati. Mtumbwi wako umetoka ziwani umejaa mzigo, unafika unakuta kwenye gati lako umefungwa mtumbwi mwingine ambao hauna hata dagaa mmoja. Mzigo upo, wachukuzi wapo, ila hakuna kinachoshuka. Homoni yako ya kiume inafika kwenye seli inakuta spironolaktoni imekaa. Juu ya hapo, kwa dozi kubwa inapunguza na utengenezaji wenyewe, na ile ya kike ambayo kila mwanaume anayo kidogo inapata nafasi ya kukuza titi.

Kwa sababu hiyo ukienda kupima testosteroni inaweza ikarudi namba nzuri tu, na mtu wa maabara akakuambia uko fiti. Mitumbwi ilihesabiwa ziwani, gati haikuangaliwa.

Na inategemea dozi. Kwenye utafiti mkubwa wa wagonjwa wa moyo uliotoka 1999, wengi walikuwa wanakula kama miligramu 25 tu kwa siku, na bado mwanaume mmoja kati ya kumi alipata matiti au maumivu ya titi, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa mmoja kati ya mia. Wewe unakula 100.

USIIACHE MWENYEWE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Rudi kliniki ukaseme kama ulivyosema hapa.

#10 Bibie Nyakato
Samahani natoka nje ya mada kidogo, hii spironolaktoni si ndo niliyopewa mimi kwa ajili ya chunusi na ndevu za kidevuni? Mbona mi si mgonjwa wa tumbo, wamenipa dawa ya wanaume?? Na nikiendelea nami itaniondolea hamu?

#11 Dada Dirishani
Hujatoka sana nje bibie. Kwako wanatumia kasoro ileile kama faida, ndevu zinatoka kwa homoni ya kiume, gati ikizibwa zinapungua. Hedhi inaweza kuyumba na wengine hamu inashuka. La kwako kubwa ni mimba, usibebe mimba ukiwa unaitumia, mtoto wa kiume tumboni anaihitaji hiyo homoni ili aumbike. Kama hawakukuambia kuhusu uzazi wa mpango, rudi uulize wiki hii.

#12 Bibie Nyakato
Hawakuniambia. Asante, kesho naenda.

#13 Tabibu wa Visiwani
Nimesoma uzi wote. Nafanya kazi zahanati ya kisiwani Ukerewe, wagonjwa wa namna hii ninao wengi mno, wavuvi na wanaoogea ziwani, tumbo limejaa wengu limevimba. Dada Dirishani ameeleza vizuri ila naona anakimbilia mtuhumiwa mmoja. Ini likiharibika lenyewe linashusha testosteroni na kuotesha matiti hata bila kidonge chochote. Nimeona wenye matiti ambao spironolaktoni hawajawahi kuiona.

#14 Dada Dirishani
Kweli tabibu, ila kwa kichocho peke yake ini si linakuwa bado linafanya kazi? Makovu yanakaa pembeni ya mishipa, damu inakosa njia inapanda koo na maji yanajaa, lakini seli za ini nyingi ni nzima. Si kama ini la pombe.

#15 Tabibu wa Visiwani
Kichocho peke yake ndiyo. Nani amekuambia ni peke yake? Mzee wa Mwaloni, pombe vipi? Na ulishapimwa homa ya ini ya B?

#16 Mzee wa Mwaloni
Pombe nilikunywa tabibu, siwezi kudanganya. Kambini baridi ile usiku, gongo ndo koti. Nimeacha tangu nitapike damu. Hiyo B sikumbuki, nimeangalia makaratasi sijaiona.

#17 Tabibu wa Visiwani
Basi hatuwezi kuifuta sababu ya ini. Na propranolo mbona mnaipita kimyakimya? Hiyo nayo inajulikana kupunguza nguvu kwa baadhi ya wanaume, ilianza mwezi uleule wa 11. Titi haioti kwa propranolo, lakini alfajiri kuwa kimya kunaweza kuwa kwake. Mambo mawili mnayafanya moja. Ila mzee hiyo nayo usiiguse, ndiyo inayozuia koo lisipasuke tena.

#18 Mtaalam wa Mizizi
Kaka yangu njoo pm, kuna mzizi unachemshwa na asali siku saba unarudi kijana wa miaka 20. Madawa ya hospitali yote sumu.

#19 Babu wa Nansio
Mtaalam, mtu ini lina makovu unataka kumchemshia mizizi? Mimi nimeshazika rafiki aliyekunywa ya kuchemsha akiwa na manjano machoni. Tafuta uzi mwingine.

#20 Kijana wa Igoma
Mi nauliza ketokonazoli, kasema wiki zile za fangasi ndo zilikuwa mbaya zaidi. Hiyo vipi? Maana hata mi nimeshaimeza.

#21 Dada Dirishani
Swali zuri hilo. Ketokonazoli ya kumeza inamzuia fangasi kutengeneza utando wake, ila kiwanda inachozima kinafanana na kile ambacho korodani zinatumia kutengenezea testosteroni. Ilishajulikana tangu 1982: mtu akimeza kidonge cha 200 testosteroni inashuka ndani ya masaa manne mpaka nane, halafu kesho yake inarudi. Madaktari waliwahi kuitumia kwa dozi kubwa kwa wagonjwa wa kansa ya tezi dume, makusudi kabisa, ili homoni ishuke. Kwa hiyo ukimeza kila siku unakuwa unashusha na kupandisha kila siku, na ukiacha haibaki na madhara hayo kwa muda mrefu.

Kwa huyu mzee ina makosa mawili makubwa kuliko la chumbani. La kwanza, inaumiza ini, kiasi kwamba 2013 wasimamizi wa dawa wa Marekani walikataza isiwe dawa ya kwanza kwa fangasi wowote, na wale wa Ulaya wakapendekeza vidonge vyake vya fangasi visimamishwe kabisa. Mtu mwenye ini la makovu kuuziwa 14 bila kuulizwa neno, mimi kama mtu wa dirishani linaniuma sana. La pili, fangasi wa kati ya vidole vya miguu haimezewi ketokonazoli. Unakausha miguu, unapaka krimu ya klotrimazoli au terbinafini wiki kadhaa. Hata krimu ya ketokonazoli yenyewe haingii kwenye damu kiasi cha kugusa homoni. Kijana, wewe ya kwako ilishatoka siku nyingi. Na flukonazoli kwa dozi za kawaida haina tabia hiyo.

#22 Tabibu wa Visiwani
Hapo namuunga mkono, ila kuna kitu nikiongeza atanichukia 😀 Ketokonazoli inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Mzee alikuwa anameza na omeprazoli. Ina maana nyingi ilitoka kama ilivyoingia. Miguu ilipona mzee?

#23 Mzee wa Mwaloni
Haikupona tabibu. Inawasha mpaka leo.

#24 Tabibu wa Visiwani
Unaona. Kama haikufika miguuni vya kutosha, kwa nini tuamini ilifika korodani?

#25 Dada Dirishani
Sikuchukii, hilo sikuliwaza. Lakini alisema wiki mbili zile ndo mbaya, na mtu hadanganyi juu ya kitu kama hicho.

#26 Mke wa Mvuvi
Samahani nachangia kama mwanamke wa mvuvi. Kaka, wiki zile mbili za mwezi wa tatu hazikuangukia mbalamwezi? Maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, mwaloni hakuna mzigo, mwanaume anakuwa nyumbani kila usiku. Wa kwangu giza likiwepo simuoni, mbalamwezi ikija ndo tunajua nani mzima nani mgonjwa. Labda haikuzidi, labda ulipata muda wa kuiona.

#27 Mzee wa Mwaloni
Dada yangu umenigusa. Wiki moja kati ya zile mbili kweli ilikuwa mbalamwezi, nilikuwa nyumbani. Hiyo nyingine sikumbuki.

#28 Babu wa Nansio
Huyu mama apewe zahanati.

#29 Mzee wa Mwaloni
Wakuu narudi baada ya siku 12, naomba mnisamehe. Dada aliandika kwa herufi kubwa nami sikusikia. Kifua kiliniuma nikaona niache spironolaktoni nijaribu tu, nikabaki na lasiksi. Siku tatu nne poa. Siku ya sita viatu vikabana, ukibonyeza mguu shimo linabaki kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Siku ya tisa mkanda ukagoma tundu mbili, nikapanda mzani wa dagaa pale kazini, kutoka kilo 58 niko 62. Usiku nalala nimeketi. Mke ndo akanishika mkono tukaenda kliniki.

Huko nimeongea yote. Daktari kijana tu, wala hakucheka. Alipapasa titi kwa muda mrefu, akabinya kuona kama kuna damu inatoka chuchuni, akapapasa kwapani. Akasema kitu kikiwa chini ya chuchu katikati, kinauma na kinateleza, mara nyingi ni titi la dawa, kingekuwa kigumu kama jiwe, kimeng'ang'ania, kimekaa pembeni au chuchu imevutwa ndani angenikata kipande kipimwe. Hata hivyo ameandika altrasaundi ya titi. Akapima na potasiamu, imekuja 4.4.

Kwa sasa amerudisha spironolaktoni ile ile 100 mpaka maji yatoke, halafu ndo atashusha. Kuhusu kubadilisha alitaja eplerenoni, akasema haina hiyo kasoro ila itabidi niitafute na nijiandae na bei.

#30 Dada Dirishani
Nafurahi umerudi, na asante kwa mke wako. Eplerenoni kwangu dirishani haipo, ikija ni kwa kuagiza. Ukija kuipata kumbuka jambo moja, HAIENDI na ketokonazoli hata siku moja. Ketokonazoli inazuia ini lisiiondoe, inarundikana, potasiamu inapanda mpaka moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo vile vidonge vya miguu kama vimebaki vitoe nyumbani.

#31 Tabibu wa Visiwani
Sisi visiwani eplerenoni ni hadithi. Huwa naomba amiloridi, nayo inatunza potasiamu na haigusi homoni. Kwa maji ya tumboni ni dhaifu kuliko spironolaktoni, wengine inawatosha wengine tumbo linarudi.

Mzee nikuulize swali la jikoni. Unakula nini?

#32 Mzee wa Mwaloni
Ugali na samaki tabibu, nitakula nini tena. Mara nyingi kayabo, napata kwa jirani yangu wa meza ya pili anayepeleka Kongo, vipande vilivyokatika ananigawia.

#33 Tabibu wa Visiwani
Kayabo!! Mzee, sangara aliyelala kwenye chumvi siku nzima nzima! Wewe unameza 100 ya kutoa chumvi asubuhi, mchana unarudisha yote kwa kayabo. Ndo maana dozi haishuki. Kula sangara mbichi, sato, dagaa waliokaushwa juani bila chumvi, weka ndimu na nyanya. Wagonjwa wangu wanaoacha chumvi kweli kweli baadhi nimewashusha mpaka 50 tumbo likabaki kavu. Na dozi ikishuka, titi linapata nafasi ya kutulia.

#34 Dada Dirishani
Hapo tabibu umenifundisha, dirishani hatuulizi mtu anakula nini. Ila usitumie ile chumvi mbadala inayouzwa supamaketi, ni potasiamu tupu, na spironolaktoni inaibakiza mwilini.

#35 Kijana wa Igoma
Kwa hiyo omeprazoli haina kosa? Mi bado sijakubali.

#36 Babu wa Nansio
Hata mimi moyo haujakubali wote. Matiti niliyaota mimi.

#37 Dada Dirishani
Kwa simetidini babu, kwa simetidini!

#38 Mzee wa Mwaloni
Wakuu wiki ya saba leo tangu nirudi kliniki. Kayabo nimeacha, jirani amenuna. Kilo 57. Wiki tatu zilizopita daktari ameshusha spironolaktoni 50. Altrasaundi ya titi haikuonyesha kitu kibaya. Chuchu haiumi tena nikivaa shati, kifungo kipo ila naona kama kimelainika. Daktari anasema kikikaa chini ya mwaka kina nafasi ya kuyeyuka, kikizidi kinakuwa kovu na hakiondoki kwa dawa.

Homa ya ini B nimepimwa, sina. Omeprazoli nimerudia, siku mbili tatu kwa wiki.

Ya chumbani ni nusu nusu. Alfajiri mbili wiki iliyopita mwili uliamka, nilimgusa mke bega nikamwambia, akacheka mpaka mtoto akaamka. Lakini siku nyingine kimya kabisa, na mapigo ya moyo 56. Nimemuuliza daktari kuhusu propranolo kama tabibu alivyosema, amesema tusubiri niingizwe kamera tena mwezi ujao waone mishipa ya koo kwanza.

#39 Tabibu wa Visiwani
Sawa kabisa, asiiguse mpaka kamera. Testosteroni umepima?

#40 Mzee wa Mwaloni
Bado. Nilienda mchana nikarudishwa.

#41 Dada Dirishani
Walifanya vizuri kukurudisha, homoni hiyo iko juu asubuhi. Nenda kabla ya saa nne, hujala kitu, na wakikuambia iko chini rudia siku nyingine ndo uamini. Ikirudi nzuri usishangae, kumbuka gati.

#42 Mzee wa Mwaloni
Jumanne alfajiri nikitoka kupokea mzigo napitia. Nitaleta namba hapa.

#43 Mke wa Mvuvi
Kaka, Jumanne ni giza au mbalamwezi?

#44 Mzee wa Mwaloni
Giza dada. Mzigo utakuwa mwingi, nitakuwa sijalala.

#45 Tabibu wa Visiwani
Basi usiende Jumanne. Usiku mzima bila kulala unaishusha, utaletewa namba isiyo yako. Subiri mbalamwezi, ulale nyumbani, ndo uende.